Mtoto Hasinzii Magharibi

Mtoto wa dada yangu alikuwa na mwaka mmoja, na kila usiku aliamka mara tano, sita, akilia. Dada alikuwa hajalala vizuri miezi miwili. Asubuhi moja akaniambia, "Jana nilimtikisa. Nimejiogopa. Leo lala naye wewe."

Mimi nikajiona mjanja. Jioni nilipomwona anafikicha macho nilimrusharusha na kumpigia makofi ili achoke kabisa, nikamlaza saa nne. Mama aliniunga mkono, maana kwetu Kinondo mtoto hasinzii magharibi, ni mkosi. Usiku ule aliamka mara saba.

Tukampeleka zahanati. Muuguzi alimkagua kwanza kwa ajili ya kule kutikiswa, akamwona mzima, kisha akauliza analala saa ngapi.

"Saa nne? Masikini! Mtoto akipitiliza usingizi wake, mwili unahangaika, ndiyo maana anashtukashtuka. Mlazeni mapema."

"Na magharibi je, mwanangu?" mama akauliza.

"Swalini kwanza, bibi, kisha mlazeni."

Siku hiyo saa moja na robo alikuwa kitandani. Aliamka mara nne, nikataka kuacha. Usiku wa sita aliamka mara moja tu, nikampigapiga mgongo, akalala mpaka alfajiri.

Nikamwambia dada aje amchukue, sasa analala. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Kaa naye bado," akasema. "Yeye amepona. Mimi sijajiamini."