Mchungaji Alipowaringia Wafadhili

"Shangazi Merle, mbona unawasoma hao waliotudharau?" Tahnee aliuliza alipokuwa mdogo. Shangazi alicheka tu, akaendelea kufunua ripoti za misheni.

Miaka ikapita, mahakama ikaja kando ya mto wao kusikiliza kesi yao ya kudai ardhi ya mababu. Wakili wa serikali alisoma ripoti ya mchungaji wa zamani wa misheni kwa wafadhili wake: wenyeji wameacha kabisa sherehe zao.

"Mila ikifa, haki ya ardhi nayo imekwenda," akasema.

"Hapo alikuwa anawaringia wafadhili, bwana mkubwa!" Shangazi akadakia. " Soma anapoomba pesa za seng'enge ya kutuzuia tusitoke."

Wakili akasoma shingo upande: kila mwaka misheni hubaki tupu, wote wamekwenda kwenye sherehe zao.

Shangazi akamgeukia Tahnee. "Ndiyo maana nawasoma, mwanangu. Wakijisifu, siwaamini. Wakilalamika, wanatutolea ushahidi."