Shangazi na Cheti cha Shukrani

Shangazi yangu ni mtu wa kuhesabu. Ukimtembelea, kabla hujaketi ameshajua umekuja na mifuko mingapi na mingapi ilipaswa kuwa mizito zaidi. Simlaumu. Miaka ishirini na mitatu amefanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na huko kazi ni kuhesabu: mashuka yanayoingia machafu, yanayotoka safi, na yale yanayopotea njiani bila mtu kukiri kuyaona.

Kwa miaka mitano alikuwa msimamizi wa chumba hicho. Yaani kazi alikuwa nayo, mshahara wa kazi hiyo hakuwa nao. Msimamizi wa zamani alipostaafu, wakubwa walimwambia, "Shikilia kidogo, mama," naye akashikilia. Mshahara wake wa milioni tatu kwa mwaka haukusogea hata inchi. Mwaka huu akaletwa msimamizi mpya, mwenye cheo na mshahara wake, na shangazi akarudishwa kwenye pasi. Hapo ndipo chama cha wafanyakazi kilipokuja juu, na hospitali ikakubali kumlipa milioni nne kwa mkupuo.

Lakini wakubwa hawakutaka kuandika neno "deni". Barua yao ilisema ni Zawadi ya Shukrani kwa Utumishi Uliotukuka, nao wakaiambatanisha na cheti chenye utepe wa dhahabu. Shangazi alikipenda cheti kile kuliko anavyonipenda mimi. Alikinunulia fremu, akakitundika sebuleni, na mgeni hakupewa chai mpaka akisome kwa sauti.

Sebule yenyewe ilikuwa ya kupanga. Mwenye nyumba alikuwa anauza vile vyumba viwili kwa milioni tatu na nusu, na alimpa shangazi mpaka mwisho wa mwezi. Akishindwa, angemuuzia muuza nyama wa jirani, ambaye alishakuja na futi na chaki, akapima na kutia alama mahali pa kutundikia kulabu zake. Alipima hadi juu ya kitanda. Shangazi ameishi pale tangu marehemu mume wake akiwa hai, na hakuwa na pengine pa kwenda ila kwangu, jambo ambalo sote wawili tuliliogopa.

Siku kumi kabla ya fedha kuingia benki, karani wa mishahara alimpa hati ya malipo. Malipo milioni nne, kodi milioni moja, mkononi milioni tatu. Pungufu nusu milioni. Shangazi alinipigia simu akilia, na mimi nilidhani amefiwa.

"Mwalimu," aliniambia, maana mimi hufundisha hesabu za shule ya msingi, "wamenipandisha daraja la kodi la matajiri! Sasa kila senti yangu inakatwa thelathini kwa mia!"

"Ndivyo ilivyo, shangazi. Ukivuka mstari, zote zinaliwa," nilimjibu kwa uhakika wa mtu asiyejua.

Tulikwenda ofisi ya kodi. Kwenye dirisha la nne alikaa binti mwenye sweta na miwani. Aliisoma hati, kisha akanitazama mimi nilipokuwa namfafanulia kazi yake.

"Kaka, mama anakuita Mwalimu. Unafundisha nini?"

"Hesabu."

"Pole yao," alisema. Akamgeukia shangazi. "Mama, sikiliza. Kwa mwaka, milioni moja na laki mbili za kwanza haziguswi. Kutoka hapo mpaka milioni nne, unalipa kumi kwa mia. Kile kinachovuka milioni nne, hicho peke yake, ndicho kinachokatwa thelathini. Mshahara wako milioni tatu, pamoja na hizi nne, ni saba. Moja imekatwa kumi, hiyo laki moja. Tatu zimevuka, zimekatwa thelathini, hizo laki tisa. Jumla milioni moja. Karani wenu hajakosea."

Shangazi alikunja uso. "Lakini mwanangu, hizi sikuzipata mwaka mmoja. Nilizitolea jasho miaka mitano!"

Binti akaweka kalamu chini. "Umesema nini?"

Shangazi akamsimulia yote. Binti akaeleza kwamba malimbikizo ya mshahara, kwa sheria, yanaweza kurudishwa kwenye miaka ambayo yalifanyiwa kazi, na kila mwaka ukapigiwa kodi yake. Laki nane kila mwaka, juu ya milioni tatu, ni milioni tatu na laki nane. Hakuna mwaka ambao ungevuka mstari, na viwango havikubadilika muda wote huo. Kodi ingekuwa elfu themanini mara tano: laki nne basi.

"Kumbe!" shangazi akasema. "Wamesukuma mashuka ya wiki nzima kwenye mashine moja!"

"Hivyo hivyo, mama. Ila barua yako inasema zawadi ya shukrani. Shukrani ni ya mwaka inapotolewa, siwezi kuigawa. Mwajiri aandike kwamba ni malimbikizo, ataje miaka na kiasi cha kila mwaka."

Nikamwona shangazi akinywea. Kile cheti! Njiani alipokea chenji bila kuihesabu, na kwa shangazi hiyo ni dalili ya ugonjwa.

Kesho yake alichukua likizo ya siku moja na kunikokota mpaka kwa katibu wa hospitali. Nilibeba vitabu vitano vya hesabu ya mashuka, kimoja kwa kila mwaka, vizito kama dhambi.

Katibu alitabasamu. "Mama, sisi tulikushukuru tu. Kuandika malimbikizo ni kusema hospitali ilikudai... yaani, ulikuwa unaidai."

"Bwana Katibu, fungua popote."

Akafungua. Kila ukurasa, chini, mstari wa msimamizi ulikuwa na sahihi ya shangazi, na chini yake, mstari wa kuthibitisha, sahihi ya katibu mwenyewe, yenye mkia mrefu.

"Siku mashuka kumi na mawili yalipopotea," shangazi alisema, "ulishuka chini ukipiga kelele, 'Msimamizi yuko wapi?' Mimi niliitika. Hukusema siku ile kwamba hakuna msimamizi."

Katibu akafungua ukurasa mwingine, na mwingine. Mkia wa sahihi yake ulimfuata kotekote.

"Na cheti je?" aliuliza kwa unyonge. "Hukukipenda?"

Sauti ya shangazi ilitetemeka, nami nikaona haya kwa utani wangu wote. "Nilikipenda sana, baba. Nilidhani mmenipa kitu. Kumbe mlikuwa mnanirudishia changu, kisha mnaniacha niseme asante."

Barua mpya ilitoka alasiri ile. Binti wa dirisha la nne akaidhinisha, karani akapiga hesabu upya, na fedha zikaingia siku tatu kabla ya mwisho wa mwezi: milioni tatu na laki sita. Mwenye nyumba akapokea zake. Muuza nyama alirudishiwa alama zake za chaki kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Laki iliyobaki ilinunua rangi, na fundi wa kuipaka ni mimi.

Nilipomaliza ukuta wa sebule, nilimuuliza nitundike wapi cheti. Shangazi alikuwa anapiga pasi. Akainua pasi, na chini yake nikauona utepe wa dhahabu umeungua pembeni; alikuwa anakitumia kuwekea pasi ya moto. Katika fremu alikuwa ameshaweka ile barua, yenye miaka mitano na laki nane kila mmoja.

"Isome kwa sauti," alisema, "ndipo nikupe chai."

Nikasoma. Nilipofika kwenye neno msimamizi, alinizuia.

"Hapo. Rudia hapo."