Mbili za Mpiga Pasi

Msimamizi wa udobi hotelini alijigamba kwamba jicho lake ni mizani, halipendelei mtu. Mwisho wa mwaka akampa mpiga pasi mmoja alama mbili kati ya tano kila mahali: ustadi, ushirikiano, hata kuwahi kazini.

"Asubuhi ukifika, nani huwa keshafungua mlango?" ofisa utumishi akamuuliza.

"Yeye."

"Sasa kosa lake nini?"

"Aliunguza shati kwenye kola. Mara moja tu. Lilikuwa langu."

Akajiona zuzu wa mazuzu: mizani gani hii inayolemewa na kola moja!

Ofisa akacheka. "Usijali, kaka. Mimi nilikupa tano kila mahali, hata kwenye haki, kwa vile mashati yako yamenyooka."

Na aliyeyanyoosha ni yule yule wa mbili.