Viroba vya Mdomoni mwa Duara

Ngazi haitaki papara, na mimi papara ndiyo damu yangu. Kule Geita, miaka ya tisini, ngazi ya duara letu, yaani shimo letu la dhahabu, niliipanda bila kutazama. Mkono ukiachia kipago, mguu unakuja kukikanyaga. Vipago vya mwisho vilizidi ukingo, nikavishika nikitoka.

Siku moja mvua ilianza nikiwa chini. Mwenzangu, Msukuma wa Didia, akapanga viroba vya mchanga kuzunguka mdomo wa duara. Vikapanda juu kupita ncha ya ngazi, naye hakuiongeza hata kipago kimoja.

Nilipofika juu, nilishika kipago cha mwisho, na mbele ya uso wangu kulikuwa na ukuta wa viroba. Nikipandisha miguu zaidi, mikono haina pa kushika. Nikajaribu kiroba, kikacheza, mchanga ukanimwagikia machoni. Nikarudi kipago kimoja chini, nikaanza kumtukana.

Akachungulia, anacheka. “Umeona kazi hiyo? Maji hayaingii tena!”

“Na watu hawatoki!”