Shafti ya Ipole

Mwaka wa sabini na saba Zeyana binti Hamdun alikuwa injinia pekee wa karakana moja pale Tabora, tena mwanamke pekee. Mafundi walikunywa chai uwani. Yeye alikunywa chumbani, mlango umefungwa. Michoro yake aliiweka mezani kwa Fundi Masolwa kabla wenzake hawajafika, asije akalazimika kuzungumza.

Ndivyo ulivyopita mchoro wa shafti, mhimili unaozungusha mashine ya kusaga ya kijiji cha ujamaa kule Ipole. Siku ya tano ya kazi shafti ikakatika. Eustadia, mwendesha mashine, akaileta juu ya lori la tumbaku. Alisema kina mama wamerudi kwenye vinu, na ikikatika tena kijiji kitaiuza mashine.

Zeyana alijifungia na vipande. Sehemu kubwa ya mkato ilikuwa laini, yenye mistari kama ya maji yaliyokauka. Pembeni palikwaruza, pale chuma kilipokata tamaa. Ufa ulikuwa umeanzia kwenye uso wa chuma, ukakua taratibu kwenda ndani. Akakwangua rangi ya kijivu. Chini yake palikuwa na ganda jeusi ambalo chuma hutoka nalo kiwandani.

Mafundi walikereza sehemu za beringi tu, kuokoa visu vya mashine ya kukerezea, kisha wakapaka rangi ipendeze. Na yeye aliandika kipenyo, hakuandika kwamba shafti ikerezwe yote. Alidhani inajulikana.

Akafungua kitabuni mchoro unaoonyesha chuma huvumilia msongo gani kwa mizunguko mingapi, uliopimwa kwa vipande vilivyong'arishwa kama kioo. Kila mzunguko huinamisha shafti huku na huku. Chuma kilichokerezwa hubaki na kama asilimia themanini ya ustahimilivu ule. Chenye ganda, chini ya sitini. Kwa mzigo wa Ipole, ganda lilitoa mizunguko laki tano hivi: saa kumi na nne za kazi. Wao walisaga saa tatu kwa siku.

Nondo nyingine haikuwepo ila ya milimita arobaini, unene uleule wa ile iliyokatika. Akahesabu upya, kisha akatoka nayo uwani. Chai ikasimama midomoni.

"Shikamoo, fundi. Naomba uikereze yote, ibaki thelathini na nane. Puli tutaivisha bushi ijaze pengo."

"Marahaba. Imekatika ikiwa nene, binti, sasa unaikondesha?" Wenzake wakacheka.

"Msongo utapanda kidogo. Lakini ufa huanzia kwenye ganda, na ganda tutakuwa tumeliondoa. Kosa ni langu. Sikuandika."

Masolwa akaitazama nondo, akaweka kikombe chini.

Zeyana aliipeleka Ipole mwenyewe. Akakaa kando ya mashine hadi siku ya tano ikapita, na wiki, na nyingine, unga ukimtua kwenye mtandio, asiwe na wa kumwambia kwa nini anatabasamu.

Aliporudi, Masolwa hakugeuka kutoka kwenye mashine yake.

"Bado inazunguka?"

"Bado."

Akamsogezea shafti mpya ya kazi nyingine, isiyo na rangi, aipapase. Ilikuwa laini kotekote, wala hakuwa ameiagiza hivyo. Zeyana akarudi chumbani na chai yake. Mlango hakuufunga.