Nilisaini Kupokea Tu

Barua yangu ilipokuja, kitu cha kwanza nilichokifanya ni kusahihisha tahajia. Waliandika "utedaji" badala ya "utendaji", tena kwenye kichwa cha habari. Nikachukua kalamu ya penseli nikaongeza herufi iliyokosekana. Ndipo nikasoma jina langu chini yake.

Nilikuwa msaidizi wa ofisi ya utumishi katika shamba la maua upande wa Usa River. Tulilima waridi za kwenda Ulaya. Zilikuwa zile nyakati wawekezaji walipokuwa wamejaa ukanda wote ule, na sheria mpya ya kazi ilikuwa bado ngeni kwa wengi. Kazi yangu ilikuwa mikataba, rekodi za likizo na barua. Barua za onyo niliandika mimi. Za pongezi pia, ingawa hizo zilikuwa chache.

Mwaka mmoja kabla, bei ya maua ilianguka na shamba likapunguza watu. Menejimenti ilikaa na chama cha wafanyakazi, majina yakakubaliwa, malipo yakapigwa hesabu, kila kitu kikafuata utaratibu. Mimi ndiye niliyechapa barua, na mimi ndiye niliyezigawa, kwa sababu meneja wa wakati huo alisema wamenizoea. Nilikaa kwenye meza nje ya banda la kufungashia maua kuanzia asubuhi mpaka jioni. Wanawake walikuja mmoja mmoja, mikono bado ina maji ya ndoo za maua. Wengi wao walitoka vijiji vya kwetu, huku chini ya Mlima Meru. Mmoja alinishukuru. Alipokea barua kwa mikono miwili, akasema, "Asante mwanangu," akaondoka. Hakujua kusoma, na sikumwambia ilikuwa inasema nini. Alisomewa na mwenzake getini.

Baada ya siku ile sikuumwa, wala sikulia. Niliendelea kupanda basi la kampuni kila asubuhi kutoka Daraja Mbili, nikafika, nikakaa. Tatizo ni kwamba nilikaa tu. Fomu za likizo zilirundikana kwenye trei. Mikataba ya vibarua wa msimu ilikaa wiki tatu bila kuingizwa kwenye mafaili. Watu wakaandikwa bado wako likizo wakati walikwisha kurudi kazini, wengine wakapewa siku ambazo hawakuwa nazo. Niliyaona makosa yale kama unavyoona mvua ikinyesha kwa jirani.

Meneja mpya wa utumishi alitoka Dar es Salaam. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kama sita, mtu wa adabu, shati limepigwa pasi. Alinionya kwa mdomo mara mbili. Mara ya tatu akaniita ofisini.

"Dada, kaa," alisema. "Hii si kukufukuza. Ni mpango wa kuboresha utendaji. Miezi mitatu."

Nikaupokea. Ulikuwa umeandikwa vizuri, ukiacha ile tahajia. Rekodi za likizo ziwe zimekamilika kila Ijumaa. Mkataba uingie kwenye faili ndani ya siku mbili baada ya kusainiwa. Tukutane kila baada ya wiki mbili kuangalia maendeleo. Haya yote yalikuwa haki. Nisingeweza kuyabishia hata kama ningekuwa na nguvu ya kubisha.

Aya ya mwisho ndiyo ilikuwa na mambo mengine. Ilisema nyongeza zote za mshahara zimesitishwa kwa muda wa mpango, na mshahara wangu wa msingi utapunguzwa kwa sehemu moja ya tano hadi mpango uishe. Chini kulikuwa na mstari: "Nimesoma na ninakubali."

Akanipa kalamu.

Nilijua kilichokuwa kibaya kwenye aya ile. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke. Si kwamba sikujua sheria, kwani nilikuwa nimewafundisha wengine. Lakini kujua kulikuwa mbali, kama redio inayosikika nyumba ya tatu. Niliweka nibu kwenye karatasi. Nadhani ningesaini.

Kilichonizuia ni mazoea tu. Kwa miaka mingi nimewaambia wafanyakazi wasisaini kitu bila kukaa nacho usiku mmoja.

"Nitarudisha kesho," nilisema.

"Hakuna shida, dada."

Mume wangu, ambaye alikuwa na kibanda cha vipuri vya magari mjini, aliisoma barua tukiwa mezani. Aliuliza watatukata kiasi gani. Nikamwambia. Akaanza kuhesabu kodi ya nyumba na ada ya watoto, nikamwona anavyohesabu, midomo ikicheza.

"Wanaruhusiwa?"

"Hapana."

"Sasa mbona umekaa hivyo?"

Nikaondoa vyombo.

Kesho yake wakati wa chai nilikwenda banda la kufungashia kumtafuta katibu wa tawi la chama. Alikuwa mama wa Kimeru, Mlutheri wa kukaa kiti cha mbele, aliyepanga waridi kwa urefu wa mashina tangu shamba lilipoanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umekuja mwenyewe? Huwa unatuita."

Nikampa barua. Aliisoma taratibu, kidole kikifuata mstari, kisha akairudia aya ya mwisho.

"Wewe si ndiye uliyemwambia yule msimamizi wa wapiga dawa kwamba nyongeza yake inaweza kuzuiwa?"

"Ndiyo."

"Akakutukana."

"Ndiyo. Lakini ile ilikuwa nyongeza ya utendaji, mama."

"Haya, nieleze. Nataka nikusikie ukisema."

Nikamweleza nikiwa nimesimama pale katikati ya ndoo. Shamba letu lilikuwa na nyongeza mbili. Moja ilitokana na mkataba wa hali bora, ule uliosainiwa kati ya chama na mwajiri. Hiyo ilikuwa ya kila mtu aliye kwenye ngazi zetu, ifikapo mwezi wa saba, na haikuuliza kama umefanya kazi vizuri au vibaya. Mkataba ulisema mwajiri atalipa. Nyingine ilitolewa na menejimenti baada ya tathmini ya mwaka, na kitabu cha taratibu kilisema menejimenti inaweza kuitoa. Aliye kwenye mpango wa kuboresha utendaji anaweza kuikosa ile ya pili, na hana pa kulalamikia, mradi wote wanapimwa kwa kipimo kimoja. Ile ya kwanza haiguswi.

"Na mshahara wenyewe?"

"Mshahara uko kwenye mkataba wangu wa ajira. Meneja hawezi kuubadilisha peke yake. Makato yana mipaka yake kwenye sheria, na kufanya kazi vibaya hakumo. Ndiyo maana anataka nisaini kwamba nimekubali."

"Basi unajua kila kitu," alisema. "Umenifuata wa nini?"

Nilimwambia ukweli, kwamba nilikuwa naogopa nitasaini. Si kwa kumwogopa meneja. Kwa sababu kusaini kulikuwa rahisi kuliko kusema.

Akafuta mikono kwenye aproni, akavaa sweta lake. "Twende."

Meneja alishangaa kutuona wawili, lakini akavuta kiti cha pili. Katibu alikaa pale tu, mkoba magotini. Nikasema mwenyewe, kwa sauti ileile ninayoitumia kusoma orodha ya mahudhurio.

"Mpango nimeupokea, meneja. Makosa yaliyoandikwa ni yangu. Nitasaini kupokea tu. Aya ya mwisho siikubali."

"Lakini dada, huko nilikotoka ndivyo tulivyofanya. Mtu akiwa kwenye mpango, anashuka mshahara. Inamwamsha."

"Huko sikujui. Hapa mpango ni wa kumsaidia mtu arekebishe. Ukikata mshahara umeshaadhibu kabla hujapima. Nyongeza ya utendaji unaweza kuisitisha, hiyo ni yako. Ya mkataba wa hali bora si yako wala si yangu."

"Na nikikata?"

Hapo katibu akafungua mdomo. "Ukikata, atapeleka lalamiko tume ya usuluhishi. Ana siku sitini tangu utakapokata. Nami nitakuwa naye. Sitaki tufike huko, mwanangu. Mpigie simu wakili wa kampuni kwanza."

Niliandika kwa mkono chini ya barua: nimepokea, sikubaliani na aya ya mwisho. Nikaweka sahihi na kubaki na nakala. Meneja alikunja uso, lakini hakupandisha sauti. Siku mbili baadaye aliniletea barua mpya mezani kwangu. Kukatwa mshahara kulikuwa kumeondolewa. Nyongeza ya mkataba ilibaki. Nyongeza ya utendaji ilisitishwa hadi tathmini itakayofuata. Na tahajia ilikuwa sahihi.

"Wakili amesema uko sawa," alisema. "Samahani."

Ningepaswa kufurahi. Nilikunja ile barua nikaitoboa matundu mawili na kuiweka kwenye faili langu, kama ninavyofanya kwa faili la mtu mwingine yeyote.

Kikao chetu cha kwanza cha wiki mbili kilikuwa na fomu, na kwenye fomu kulikuwa na nafasi ya sababu za utendaji kushuka. Alitakiwa kuniuliza, akaniuliza.

"Kuna nini, dada? Kazi hii unaijua kuliko mimi."

Nikafungua mdomo niseme ni mambo ya nyumbani. Badala yake nikamwambia juu ya ile meza nje ya banda. Nikamwambia juu ya yule mama aliyenishukuru. Nilisimulia bila kutetemeka, kama ninamweleza njia ya kwenda Olasiti. Nilipomaliza, alikuwa ameshika kalamu hewani.

"Hukuwahi kumwambia mtu?"

"Hakuna aliyeuliza."

Aliandika neno moja kwenye nafasi ile: uchovu. Halikuwa neno lenyewe, lakini sikumsahihisha. Kisha akaongeza kwenye upande wa msaada kwamba nipewe karani wa banda asubuhi mbili kwa wiki kumaliza rundo la likizo, na kwamba barua za kuachisha kazi atazipeleka yeye mwenyewe. Hilo la pili sikuliomba.

Miezi mitatu ilipita. Fomu zilipungua mpaka chini ya trei pakaonekana. Mwezi wa saba nyongeza ya mkataba iliingia kwenye mshahara wangu sawa na ya wengine, na mume wangu akaishika ile slipu akaitazama muda mrefu. Ile ya utendaji nilikosa mwaka huo. Mwaka uliofuata nikaipata, bila ya nyuma kufidiwa, na sikudai, maana haikuwa deni.

Kwenye kikao cha mwisho cha mpango meneja aliandika "ameridhisha" na kunipa mkono. Mkono wake ulikuwa wa joto. Nakumbuka hilo kwa sababu ilikuwa muda mrefu sijatambua joto la kitu chochote. Nilirudi mezani kwangu, nikakaa nikitazama kiganja. Karani wa banda aliingia akaniuliza kama naumwa.

"Hapana," nilimwambia. "Lete hizo fomu."