Kishika Uchumba cha Pikapu

Miaka michache baada ya vita vya Uganda, nilikuwa nikinunua samaki wakavu kwa wavuvi wa visiwa vya Muleba na kuwauza sokoni Bukoba. Nilichoka kuomba nafasi kwenye malori ya watu. Niliposikia kuna pikapu inauzwa mjini, nilikwenda kuitazama pamoja na fundi wangu.

Fundi aliwasha injini, akaingia chini, akalinganisha namba ya chesisi na ile ya kwenye kadi. Zilikuwa sawa. Lakini jina la kwenye kadi halikuwa la muuzaji.

"Ni kaka yangu, marehemu," alieleza. "Aliniuzia mwezi wa sita, kabla hajafa. Barua ya mauziano hii hapa."

"Mbona hukubadilisha jina?"

"Nilikuwa nauguza, dada."

Miaka ile kila nyumba ilikuwa inauguza, na hakuna aliyeuliza ugonjwa gani.

"Weka kishika uchumba leo, nusu ya bei," akasema. "Kesho anakuja mtu kutoka Mwanza. Na ujue, ukighairi hakirudi."

Pesa nilikuwa nazo, nimezifunga kiunoni. Mkono ulikwishaanza kufungua fundo fundi aliponivuta pembeni.

"Barua haina hata shahidi mmoja," alininong'oneza. "Kadi ina anwani ya Muleba. Kaulize kwanza."

Nikamwambia muuzaji, "Tuongozane Muleba. Familia ikikubali, nakulipa huko huko."

Uso ukambadilika. "Sina muda wa kwenda kuulizana na mwanamke!"

Mimi sikuwa nimemtaja mwanamke yeyote. Nilikaza fundo langu, nikaondoka, ingawa moyo ulibaki kwenye ile pikapu.

Kesho yake nilikwenda Muleba peke yangu. Nilitaja jina la kwenye kadi, nikaelekezwa hadi kwa mjane wake, nikamkuta anamenya ndizi uani. Nilipomsimulia habari ya barua, kisu kilimponyoka.

"Mwezi wa sita? Waitu, ndugu yangu, mwezi huo mume wangu alikuwa hoi kitandani, nikimlisha uji kwa kijiko. Angeshikaje kalamu? Shemeji alichukua gari baada ya mazishi, akasema linakwenda kutengenezwa. Hadi leo sijui liko wapi."

"Liko Bukoba. Nimeliona jana."

Akanishika mikono yote miwili, akalia, kisha akacheka huku analia. Nami nikalia. Ningeitoa ile nusu, ningepoteza pesa, na huyu mama angepoteza gari.

Ukoo ulikutana, ukampendekeza yeye, na mahakama ikamteua kuwa msimamizi wa mirathi. Alikwenda polisi na barua ya mahakama, na pikapu ikarudi uani kwake.

Hakuniuzia. Alisema gari lile ndilo litakalosomesha watoto, akaajiri dereva wa kubeba mizigo ya watu. Sikuona vibaya hata kidogo. Nilikuwa mteja wake wa kwanza, na wiki ile samaki wangu walifika sokoni mapema.